Mtoto wa 9998

Ukifungua data ya tafiti za afya za DHS, zinazofanywa Tanzania, Kenya na kwingineko, utakuta safu iitwayo `hw70`. Jina hilo peke yake halikuambii kitu. Inabidi ufungue kamusi ya data, yaani jedwali linaloeleza kila safu: ni ya aina gani, inaruhusu thamani zipi, na maana yake ni nini.

Kwa `hw70` maelezo yanasema hivi: ni namba, inapima urefu wa mtoto kulingana na umri wake, inaanzia -600 hadi 600. Nukta ya desimali haikuandikwa, kwa hiyo -250 isomwe -2.50, na mtoto aliye chini ya -2.00 huhesabiwa kuwa amedumaa. Halafu zipo 9996, 9997 na 9998. Hizi si vipimo hata kidogo. Ni alama za vipimo visivyoaminika.

Chukua watoto watatu: -250, -110 na 9998. Kompyuta haijui alama ni nini, itajumlisha tu na kukupa wastani wa karibu 3213, yaani 32.13. Hakuna mtoto wa hivyo duniani. Ukimtoa wa tatu, wastani ni -1.80.

Hapo kosa limejianika. Ila kwenye maelfu ya watoto, alama chache husogeza wastani kidogo tu, na jibu likaonekana la kawaida. Kwa hiyo, kabla ya kukokotoa chochote, tazama thamani kubwa kuliko zote kwenye safu. Ikipita 600, rudi kwenye kamusi.