Zotero, Mendeley, EndNote au daftari: mwanafunzi wa Chepseon achague nini?

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga anayetoka Chepseon, kando ya barabara ya Kericho kwenda Nakuru, ana insha ya kurasa kumi na tano kuhusu mapato ya wakulima wadogo wa chai. Amesoma kitabu kimoja cha historia, ripoti mbili za serikali, sheria moja na makala kadhaa za majarida. Hofu yake ni ile inayowakosesha usingizi wanafunzi wengi wiki ya kukusanya kazi: sentensi fulani katika rasimu yake ni nzuri mno, na hakumbuki kama aliitunga mwenyewe au aliinakili mahali.

Hofu hiyo huzaliwa siku ya kusoma, si siku ya kuandika. Anayenakili aya kwenye simu bila jina la mwandishi, ukurasa na alama za kunukuu amekwisha kujitegea mtego, na hakuna programu ya kuutegua mwezi mmoja baadaye. Kwa hiyo, ninapolinganisha programu za kutunza marejeleo, swali langu la kwanza ni kama chombo kitamsaidia msomaji kushika chanzo wakati bado kiko mbele ya macho yake. Bei inafuata baadaye.

Tuanze na kinachogharimu zaidi. EndNote inauzwa na kampuni ya Clarivate, na hata bei ya wanafunzi huvuka dola 100, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili za Kenya. Ni chombo imara, na mtafiti ambaye taasisi yake imekwisha kulipia hana sababu ya kukikataa. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayelipa kutoka mfukoni, sioni kitu ndani yake kinachostahili fedha hizo.

Mendeley ni ya bure na inakupa gigabaiti 2 za kuhifadhi faili mtandaoni. Ilianzia London, ikanunuliwa na Elsevier mwaka 2013. Tangu hapo imepunguzwa: programu yake ya simu iliondolewa mwaka 2021, na ile ya zamani ya kompyuta ikaacha kutolewa kwa watumiaji wapya mwaka 2022. Iliyobaki hutegemea sana akaunti ya mtandaoni, na kiungo chake cha kuingiza marejeleo hufanya kazi ndani ya Microsoft Word ya mwaka 2016 au ya baadaye. Mwenye Word ya zamani, au anayeandikia LibreOffice kwa sababu haina malipo, hawezi kukitumia. Anayenunua bando kwa saa naye huenda akajikuta akingoja mtandao urudi.

Zotero nayo ni ya bure. Ilizinduliwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na inaendeshwa na shirika lisilotafuta faida. Maktaba yako yote hukaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo mtandao ukikatika unaendelea kusoma, kunukuu na kuandika. Inaelewana na Word, LibreOffice na Google Docs. Nafasi ya bure mtandaoni ni megabaiti 300, na ukitaka gigabaiti 2 utalipa dola 20 kwa mwaka, karibu shilingi 2,600. Watu wengi hulipa bila haja, kwa kuwa kinachohesabiwa katika zile 300 ni faili zilizoambatishwa tu, kama vile PDF. Taarifa za vyanzo vyenyewe, yaani jina la mwandishi, mwaka, kichwa na maelezo uliyoandika, huhifadhiwa bila kikomo. Makala ya kawaida ina megabaiti moja au mbili, kwa hiyo nafasi ya bure hubeba makala mia moja na zaidi. Ikijaa, zima uhifadhi wa faili katika mipangilio na uziweke PDF kwenye fleshi. Marejeleo yako hayataguswa.

Sasa tuifuate ile insha ya chai ndani ya Zotero. Makala ya jarida yenye namba ya DOI ndiyo rahisi kuliko vyote: unabonyeza `Add Item by Identifier`, unabandika namba, na taarifa zote zinaingia. Kitabu cha Henry Mwanzi kuhusu historia ya Wakipsigis ni cha mwaka 1977. Vitabu vya umri huo mara nyingi havionyeshi ISBN, basi unaviandika kwa mkono ukitazama ukurasa wa jina ndani ya kitabu, wala usitegemee jalada.

Ripoti ya uchumi ya shirika la takwimu la taifa ndipo wengi wanapoteleza. Ukiandika jina la shirika kwenye visanduku viwili vya jina la mtu, programu huligawa kana kwamba ni jina la binadamu, na orodha yako inatoka hivi:

```
Statistics, K. N. B. of. (2023). Economic Survey 2023.
```

Dawa yake ni kitufe kidogo kilicho kando ya jina, kinachogeuza visanduku viwili kuwa kimoja. Andika humo jina zima, na orodha inakaa sawa:

```
Kenya National Bureau of Statistics. (2023). Economic Survey 2023.
```

Kosa hilohilo huwapata waandishi wetu. Ngũgĩ wa Thiong'o hana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu, kwani Thiong'o ni baba yake. Muweke katika kisanduku kimoja, ama sivyo atageuka kuwa mtu mwingine. Majina ya Kikalenjin nayo yana shida yake: mtafiti mmoja huandikwa Kiprotich Langat katika jarida hili na Langat Kiprotich katika jingine, na orodha yako inaonyesha watu wawili waliotafiti jambo moja. Mhadhiri anayelijua eneo ataligundua hilo upesi, na ataanza kutilia shaka marejeleo yako mengine pia.

Sheria ya chai ya mwaka 2020 itakutoa jasho zaidi. Mtindo wa APA hunukuu sheria kwa utaratibu wa Marekani, na Zotero inaufuata. Sheria ya Kenya hutoka ikiwa na umbo la ajabu. Muulize mwalimu idara yako inaandikaje sheria, kisha urekebishe mstari huo mmoja kwa mkono mwishoni, baada ya kutengeneza nakala ya waraka na kubonyeza `Unlink Citations`. Ukirekebisha mapema, programu itakufutia kazi yako mara tu itakapojihuisha.

Manufaa makubwa kwa mwenye hofu ya wizi wa kitaaluma yamo katika kisomeo cha PDF kilichomo ndani ya Zotero. Unaposoma, unapaka rangi sentensi unayoitaka. Ukimaliza unachagua `Add Note from Annotations`, na kila sentensi uliyopaka inaingia kwenye maelezo yako ikiwa imefungwa kwa alama za kunukuu, jina la mwandishi likifuata pamoja na namba ya ukurasa. Mawazo yako unayaandika chini yake bila alama. Baada ya wiki tatu huna haja ya kukumbuka chochote, kwa sababu kilicho ndani ya alama si chako na kilicho nje ni chako. Kwangu mimi hii inatosha kuiweka Zotero mbele ya wenzake.

Kuhusu mtindo, idara ikitaka APA, hakikisha ni toleo la saba, lililotoka mwaka 2019. Word ina sehemu yake ya `References`, nayo haihitaji kupakua kitu, lakini nakala nyingi bado hutoa APA ya toleo la sita. Tofauti inaonekana wazi. Toleo la sita lilitaka majina ya waandishi watatu hadi watano yaandikwe yote mara ya kwanza, ilhali la saba hutaja wa kwanza na kuongeza `et al.` tangu mwanzo. Nusu ya insha ikifuata toleo hili na nusu lile, mwalimu ataona kwamba vipande vimetoka sehemu mbalimbali, na hapo ndipo shaka huanza. Katika Zotero unabadilisha mtindo wa waraka mzima kupitia `Document Preferences`, na marejeleo arobaini hugeuka kwa pamoja.

Je, asiye na kompyuta? Wengi huandika kwa simu na kumalizia saiba. Kwao ipo ZoteroBib, kwenye anwani ya zbib.org, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila akaunti wala malipo. Unabandika DOI, ISBN au anwani ya ukurasa, unachagua mtindo, unanakili orodha. Tahadhari ni moja: orodha hukaa kwenye kivinjari cha mashine uliyotumia. Ukiwa saiba, bonyeza `Link to this version` na ujitumie kiungo hicho kabla ya kuondoka, kisha ufute orodha. Kwa insha ya vyanzo vitano au sita, ZoteroBib pamoja na daftari lenye nukuu na namba za kurasa vinatosha kabisa.

Gharama moja ningependa uiepuke kabisa, nayo ni kumlipa mtu akupimie insha kwa Turnitin kupitia akaunti asiyokueleza ni ya nani. Waraka ukihifadhiwa kwenye hazina ya mfumo huo, siku chuo kitakapoupima rasmi utafanana na ule wa kwanza karibu neno kwa neno, na utatakiwa kueleza kwa nini kazi yako iko tayari chini ya jina la mwingine. Ile asilimia yenyewe nayo haisemi kwamba umeiba. Hupima mfanano, na inaweza kujumuisha orodha ya marejeleo na nukuu halali kama mhadhiri hajaziondoa. Insha yenye mfanano wa asilimia 8 inaweza kuwa na aya nzima iliyoibwa, na yenye 25 ikawa safi. Kinachotazamwa ni vile vipande vilivyopakwa rangi: je, vina alama za kunukuu na chanzo? Kutaja chanzo mwishoni mwa aya uliyonakili neno kwa neno bila alama bado ni wizi, na Zotero itakuwekea rejeleo hilo zuri bila kukuonya.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye kompyuta yake achukue Zotero ya bure na asilipie nafasi. Mwenye simu na saiba atumie ZoteroBib na daftari. Mendeley ni ya yule aliyekwisha kuizoea na ana mtandao wa uhakika. Pesa za EndNote zibaki mfukoni. Na kabla ya kupakua chochote, muulize mwalimu wako swali moja: idara inataka mtindo gani, na toleo la ngapi?