Wiki za Kwanza za Dawa ya Sonona

"Sista, hii dawa hainisaidii kitu." Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 23, fundi magari, aliyegunduliwa kuwa na sonona. Amemeza fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi kwa siku nane. Kichefuchefu anacho, usingizi umeruka, na huzuni iko palepale. Anataka kuacha.

Muuguzi hamlaumu, kwa kuwa kero za dawa hutangulia na nafuu hufuata nyuma. Dawa huanza kuzuia serotonini isifyonzwe tena ndani ya saa chache tu, lakini ubongo huhitaji muda kujizoesha na hali hiyo mpya. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na kukamilika kwake huweza kufika wiki ya nane.

Katika kipindi hicho nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya matumaini. Mtu aliyekuwa hawezi hata kuinuka kitandani sasa anaweza kutekeleza alichokuwa akikiwaza. Walio chini ya miaka 25 huangaliwa kwa karibu zaidi. Kwa hiyo muuguzi anauliza waziwazi: "Mdogo wangu, umewahi kutamani usiamke? Umefikiria kujiua? Umepanga namna? Uliwahi kujaribu?" Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo kichwani, mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Kijana anakiri kwamba mawazo huja usiku, ila hajapanga lolote. Wanakubaliana dada yake azitunze dawa, apewe za wiki moja tu, na arudi baada ya siku tatu. Angekuwa na mpango na njia ya kuutekeleza, asingeachwa peke yake hata dakika moja, na angepelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kisha swali jingine: "Unatumia dawa gani nyingine?" Mgongo unamuuma, na jana jioni alinunua tramadoli. Nayo huongeza serotonini, na zikikutana mbili hizi huweza kuleta sumu ndani ya saa chache. Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, kuharisha, moyo kwenda mbio na kutotulia. Muuguzi anatazama mikono yake, anapima mapigo na joto, kisha anausukuma unyayo wake kuelekea juu kwa ghafla. Mguu ukirukaruka wenyewe mfululizo, hiyo ni ishara nzito. Homa kali, misuli kukakamaa au kuchanganyikiwa ni dharura: dawa zote mbili husimamishwa na mgonjwa hukimbizwa hospitali.

Mguu wa kijana umetulia. Tramadoli inaachwa, daktari anaombwa dawa nyingine ya maumivu, na dada anaelezwa dalili za kuangalia. Kwenye kadi muuguzi anaandika tarehe ya kurudi, kisha anaongeza kwamba siku ya nane bado ni mapema mno kusema dawa imeshindwa.