Dola 1,150 za Baharia Zimetoka Wapi?

Wakala wa mabaharia humwambia kijana neno moja tu: "Dola 1,150 kwa mwezi." Kijana husaini. Lakini ndani ya hesabu hiyo mna mafungu matatu, na moja ndilo linalozaa mengine.

Fungu hilo ni mshahara wa msingi. Kwa mwaka 2025, kima cha chini ambacho Shirika la Kazi Duniani limekipendekeza kwa baharia wa sitaha mwenye cheti kamili kilikuwa dola 673 kwa mwezi. Fedha hizo ni za saa 48 kwa wiki, yaani saa 8 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Kwa wastani wa mwezi zinakuwa saa 208. Gawanya 673 kwa 208: saa moja ni dola 3.24 hivi. Saa ya ziada hulipwa robo zaidi, kwa hiyo inafika dola 4.04.

Hapo ndipo zinapoingia saa za ziada za uhakika, ambazo mikataba mingi huziweka 104 kwa mwezi. Zikizidishwa zinatoa takriban dola 421, na baharia huzilipwa hata kama kazi ilikuwa chache. Ila asidhani ni za bure. Meli haina Jumapili: anayeshika zamu saa 8 kila siku tayari ametumia saa 32 katika Jumapili nne, kabla hajaongeza hata dakika moja siku za kazi. Jumlisha 208 na 104, utapata saa 312, sawasawa na saa 72 kwa wiki, ambazo Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 umeziweka kuwa kikomo pale nchi inapohesabu saa za kazi. Nchi inayohesabu saa za mapumziko huacha nafasi ya kazi zaidi. Basi aliyefanya saa 130 za ziada anadai 26 juu ya zile 104, kama dola 105. Bila daftari la saa lililotiwa saini na nahodha na yeye mwenyewe kila mwezi, dai hilo ni maneno matupu.

Likizo ni siku 2.5 kwa kila mwezi wa kazi: 673 gawanya kwa 30, zidisha kwa 2.5, unapata dola 56. Ndiyo hiyo 1,150. Kampuni nyingine hulipa 56 hizo kila mwezi, nyingine huziweka mpaka baharia ateremke. Kwa miezi tisa ni kama dola 505. Anayelipwa kila mwezi asishangae bahasha ya mwisho kuwa nyepesi.

Hila niliyoiona ni hii: jumla ileile 1,150, lakini msingi ni 500 na kilichobaki kimeitwa "bonasi". Saa ya ziada inashuka hadi dola 3, likizo hadi 42. Kwa hiyo kijana anayepokea karatasi ya mkataba atazame kwanza mstari wa msingi, na jumla iliyoandikwa kwa herufi nene baadaye.