Abiria 13, miezi 12

Kwenye steji moja ya Nairobi, matatu ya abiria 14 imejaa na inasubiri kuondoka. Mtu aliyesimama nje, asiyemjua hata mmoja wa waliokaa ndani, anaweza kusema neno moja bila kubahatisha: humo garini wapo angalau wawili waliozaliwa mwezi uleule. Si lazima iwe mwaka uleule, ila mwezi ni uleule. Abiria mmoja akishuka, wakabaki 13, neno hilo bado ni kweli. Akishuka wa pili, wakabaki 12, mtu yule hana tena haki ya kulisema.

Njia nzuri ya kuuona ukweli huu ni kujaribu kuukwepa. Tuseme utingo amepania kuuvunja, hivyo kila abiria anayetaka kupanda anamuuliza kwanza mwezi wake. Wa kwanza ni wa Januari, anaingia. Wa pili ni wa Februari, naye anaingia. Wa tatu akisema Januari anaambiwa asubiri gari lijalo. Kwa ukaidi huo utingo anaweza kufika hadi abiria wa 12 bila mwezi hata mmoja kujirudia. Lakini sasa kila mwezi una mwenyewe. Abiria wa 13, awe nani na ametoka wapi, alizaliwa katika mmojawapo wa miezi hiyo 12, na mwezi huo tayari una mtu garini. Hata kama yeye mwenyewe hajui alizaliwa lini, kama walivyo wazee wengi, hoja haitikisiki, maana mwezi wake upo hata kama haukuandikwa popote.

Hesabu yenyewe ni sentensi moja. Kama kila mwezi ungekuwa na mtu mmoja tu au usiwe na mtu kabisa, watu wote kwa jumla wasingezidi 12. Walioko ni 13. Kwa hiyo haiwezekani kila mwezi uwe na mtu mmoja tu.

Wanahisabati wanaiita kanuni ya matundu ya njiwa: njiwa 13 wakirudi jioni kwenye matundu 12, na kila mmoja akaingia tunduni, lipo tundu litakalolala njiwa zaidi ya mmoja. Katika mfano wa matatu, watu ndio njiwa na miezi ndiyo matundu.

Kanuni hii ina mipaka, na wengi huteleza hapo. Haisemi ni mwezi gani utakaojirudia, wala ni watu gani watakaokutana. Abiria wa Agosti anaweza kugeuka huku na huku akitafuta mwenzake asimpate, kwa sababu waliokutana ni wawili wa Machi waliokaa kiti cha nyuma. Kanuni haikumwahidi yeye chochote. Ilichoahidi ni kwamba wawili fulani wapo.

Pia ni lazima kutofautisha kinachoelekea kutokea na kisichoweza kukosa kutokea. Tukichukulia kwamba miezi yote ina nafasi sawa, watu watano tu wanatosha kufanya uwezekano wa wawili kukutana mwezi mmoja uvuke nusu na kufikia asilimia 62 hivi. Wakiwa 12, nafasi ya wote kutofautiana ni ndogo sana, kama mara moja katika makundi 18,600. Mcheza kamari angesema hapo mambo yamekwisha. Hayajaisha. Yule utingo mkaidi aliweza kulijaza gari lake watu 12 wasiofanana, tena bila miujiza, kwa kuchagua tu. Mtu wa 13 ndiye anayeifunga njia hiyo. Baada yake hakuna uchaguzi wala bahati inayoweza kusaidia.

Kosa la pili ni kuhesabu matundu vibaya. Anayetaka uhakika kwamba watu wawili wana siku moja ya kuzaliwa husema haraka kwamba 366 wanatosha, kwa kuwa mwaka una siku 365. Amewasahau waliozaliwa tarehe 29 Februari. Matundu ni 366, hivyo watu wanaohitajika ni 367.

Hata miezi inategemea kalenda. Anayehesabu kwa mwezi mwandamo, kama wahenga wa pwani wanaoanza na Mfunguo Mosi, wakaenda hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani, anapata 12 vilevile, na watu 13 wanamtosha. Lakini Ethiopia wana kalenda yenye miezi 12 ya siku 30, kisha mwezi wa 13 uitwao Pagume, wenye siku tano, au sita katika mwaka mrefu. Waethiopia 13 wanaweza kukaa pamoja kila mmoja na mwezi wake. Huko uhakika unaanzia kwa mtu wa 14, na kwa bahati nzuri matatu yetu ikijaa ina abiria 14.

Matundu yakizidiwa mara nyingi, kanuni husema zaidi. Mwaka 1622 padri Mjesuiti wa Ufaransa, Jean Leurechon, alieleza kwamba lazima wawepo watu wawili wenye idadi sawa ya nywele kichwani. Jiji la Dar es Salaam linafaa kulijaribu wazo lake. Sensa ya 2022 ilihesabu huko watu 5,383,728. Kichwa cha binadamu huwa na nywele laki moja hadi laki moja na nusu hivi. Tuwe wakarimu, tuseme hakuna anayezidi laki tano. Basi idadi zinazowezekana, kuanzia sifuri hadi laki tano, ni 500,001. Kama kila idadi ingekuwa na watu wasiozidi 10, jiji lote lisingezidi watu 5,000,010. Lina zaidi ya hao. Kwa hiyo wapo wakazi 11 wa Dar es Salaam wenye idadi ileile ya nywele, na hakuna aliyehitaji kuhesabu hata unywele mmoja. Anayehisi kwamba ni mchezo wa wenye vipara, ambao wote wana sifuri, awatoe wote nje ya hesabu. Watabaki mamilioni, na hoja itasimama.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kanuni hii ni ya kufurahishia watu mezani. Aliyeifanya kuwa chombo cha kazi ni Mjerumani Dirichlet, aliyezaliwa Düren mwaka 1805. Yeye hakuzungumza juu ya njiwa. Wajerumani waliiita kanuni ya mtoto wa meza, yaani ile droo ya kuwekea vitu. Mwaka 1842 aliitumia kuonyesha jinsi namba isiyoandikika kama sehemu kamili inavyoweza kukaribiwa na sehemu rahisi. Kila aliyepita darasa la saba ameshaikuta mojawapo ya sehemu hizo: 22/7, inayotumika kutafuta mzingo wa duara. Wanafunzi wengi hupewa bila kuambiwa kwa nini ni 7 na si 6 au 9. Watoto wa meza wa Dirichlet wanaweza kuwaonyesha.

Chukua gurudumu lenye kipenyo cha mita 1 na ulibingirishe kwenye barabara iliyopigwa alama kila mita. Mzunguko mmoja unalifikisha mita 3 na sentimita 14. Wa pili unalifikisha mita 6 na sentimita 28, na kuendelea. Mita kamili ziache. Angalia zile sentimita za ziada peke yake, kwa kuacha sehemu ndogo ya sentimita. Mwanzo, kabla ya kubingirisha, ni 0. Kisha zinafuata 14, 28, 42, 56, 70, 84, 99, 13, 27 na 41, hadi mzunguko wa 10.

Sasa gawa mita katika vyumba 10, kila kimoja sentimita 10: kuanzia 0 hadi kabla ya 10, kuanzia 10 hadi kabla ya 20, na kadhalika. Vyumba ni 10 na vituo vya gurudumu ni 11, ukihesabu na pale lilipoanzia. Kabla hata ya kupima, inajulikana kwamba vituo viwili vitaangukia chumba kimoja. Vinavyokutana kwanza ni mzunguko wa 1, wenye sentimita 14, na wa 8, wenye 13.

Kukutana huko kuna maana kubwa. Vituo viwili vilivyo chumba kimoja vina sentimita za ziada zinazokaribiana kwa chini ya 10, hivyo umbali kati yao ni karibu mita kamili. Kutoka mzunguko wa 1 hadi wa 8 ni mizunguko 7, na katika mizunguko hiyo gurudumu limekwenda mita 21 na sentimita 99. Hizo ni mita 22 zilizopungua kwa sentimita isiyotimia. Mizunguko 7 ni sawa na mita 22 hivi, na mzunguko mmoja ni 22/7. Vituo vya 2 na 9 navyo vimekutana, na vya 3 na 10 vilevile, na kila mara tofauti ni 7.

Anayetaka usahihi zaidi anapunguza ukubwa wa vyumba. Mita ikigawanywa vyumba 125, kila kimoja milimita 8, na gurudumu likaenda mizunguko 125, vituo vitakuwa 126, hivyo viwili lazima vikutane. Lakini 7 haitoshi tena, maana baada ya mizunguko 7 pengo linakaribia milimita 9, pana kuliko chumba. Kanuni inasema ipo idadi nyingine ya mizunguko, isiyozidi 125, yenye pengo dogo kuliko milimita 8, bila kuitaja. Ni lazima kuitafuta kwa kuhesabu, na anayehesabu anaikuta kwenye 113. Mizunguko 113 ya gurudumu hilo ni mita 355 kasoro sehemu tatu za mia za milimita, na 355/113 ndiyo ileile sehemu aliyoifikia Zu Chongzhi huko China katika karne ya 5, kwa njia nyingine kabisa.