Mkataba Unaojirudia Wenyewe: Ijue Siku ya Notisi Kabla Hujafungwa Mwaka Mwingine

Je, biashara yako imekodi mashine ya kahawa, printa, kamera za ulinzi au intaneti ya kulipia kila mwezi? Basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mkataba ulioweka sahihi hauishi siku unayodhani unaisha. Mikataba mingi ya aina hii hujirudia yenyewe. Usiposema kitu kwa wakati uliowekwa, umekubali kuendelea.

Na hapa wengi hujikwaa: kuacha kulipa si kuvunja mkataba. Ukifuta malipo ya kila mwezi kwenye simu, au ukiacha kutuma pesa kwa tili ya saplaya, deni linaendelea kuhesabiwa. Saplaya anaweza kukufuata hadi Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kinachomaliza mkataba ni notisi, iliyotolewa jinsi mkataba wenyewe unavyosema.

Kifungu kinajificha wapi?

Usitarajie kichwa kikubwa kinachotangaza kwamba mkataba utajirudia. Mara nyingi ni sentensi moja tu ndani ya sehemu inayoeleza muda wa mkataba, au kwenye masharti ya jumla yaliyo nyuma ya fomu ya oda. Wakati mwingine fomu uliyoweka sahihi inasema tu kwamba masharti yako kwenye tovuti ya saplaya. Masharti hayo pia yanaweza kukubana, kwa hivyo yaombe na uyahifadhi.

Kwa kuwa mikataba yetu mingi huandikwa kwa Kiingereza, fungua faili kwenye simu, bonyeza alama ya kutafuta, kisha andika maneno haya moja baada ya jingine:

```
renew
successive
unless
notice
```

Ukipata sentensi inayosema muda utaendelea kwa kipindi kingine isipokuwa upande mmoja utoe taarifa, umekipata. Kama mkataba ni wa karatasi, soma sehemu ya muda na sehemu ya notisi kwa kidole, mstari kwa mstari.

Tuhesabu mfano mmoja

Chukua mama mwenye hoteli ndogo aliyekodi mashine ya kahawa kwa shilingi 6,500 kwa mwezi. Aliweka sahihi tarehe 1 Machi 2024. Mashine ikaletwa na kufungwa tarehe 18 Machi 2024. Mkataba ni wa miezi 24, na baada ya hapo unajirudia kwa miezi 12. Notisi ya kuukatiza lazima iwe ya maandishi, itolewe si mapema kuliko siku 120 wala si chini ya siku 90 kabla ya mwisho.

Yaani ana dirisha la takriban mwezi mmoja tu. Akiandika mapema sana, notisi inaweza kukataliwa. Akichelewa, amejifunga miezi 12 zaidi: 6,500 mara 12 ni shilingi 78,000, hata kama mashine imefunikwa na gunia kwenye stoo.

Swali la kwanza ni hili: miezi 24 inaanza lini? Kuna mikataba inayohesabu kutoka siku ya sahihi, na mingine kutoka siku mashine ilipofungwa. Tukihesabu kutoka kwa sahihi, mkataba unaisha 28 Februari 2026, na dirisha ni kati ya 31 Oktoba na 30 Novemba 2025. Tukihesabu kutoka siku ya kufunga mashine, mwisho ni 17 Machi 2026, na dirisha ni kati ya 17 Novemba na 17 Desemba 2025.

Tofauti ya siku 17 inatosha kukupotezea mwaka. Mama akipeleka notisi tarehe 10 Desemba akidhani ana wiki moja ya ziada, saplaya anaweza kumwambia kwamba kwa hesabu ya sahihi amechelewa siku kumi.

Njia salama ni kumuuliza saplaya kwa maandishi mkataba unaisha tarehe gani, miezi mingi kabla ya dirisha kufunguka. Asipojibu, chagua siku inayofaa kwa hesabu zote mbili. Hapa ni kati ya 17 na 30 Novemba. Usingoje 30 Novemba, ambayo ni Jumapili. Peleka mapema wiki ya kwanza, kwa mfano Jumanne tarehe 18.

Notisi inahesabika imefika lini?

Soma kifungu cha notisi uone ni wapi inapelekwa na kwa njia gani. Mkataba unaweza kusema barua ya posta inahesabika imefika siku kadhaa baada ya kutumwa, na imeli siku ya kazi inayofuata. Siku hizo zitoe kwenye hesabu yako. Ujumbe wa WhatsApp kwa yule kijana wa mauzo, hata akijibu "sawa mama", usiutegemee kama mkataba hauutaji.

Ikiwezekana, peleka barua kwa mkono kwenye anwani iliyoandikwa kwenye mkataba. Beba kopi mbili: moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri na kuandika tarehe. Maneno hayahitaji kuwa mengi:

"Natoa notisi kwamba sitaendelea na mkataba namba fulani baada ya kipindi cha sasa kuisha. Sikubali ujirudie. Tafadhali thibitisha kwa maandishi tarehe ya mwisho na siku mtakayochukua mashine."

Weka tarehe kwenye simu leo

Usiandike tarehe ya mwisho peke yake, maana siku hiyo ikifika mlango ulishafungwa. Kwa mfano wetu, weka vikumbusho vitatu kwenye kalenda ya simu: 17 Oktoba, uanze kuulizia bei kwa wengine, 17 Novemba, dirisha limefunguka, peleka barua, na 24 Novemba, uhakikishe una kopi yenye muhuri. Kwenye kila kikumbusho andika jina la saplaya, namba ya mkataba na anwani ya notisi. Kisha weka vivyo hivyo kwenye simu ya mtu mwingine wa biashara, maana simu hupotea.

Kama bado hujaweka sahihi, au dirisha limeshapita

Kabla ya sahihi ndipo una nguvu. Omba siku 90 ziwe 30, na kwamba baada ya miezi 24 mkataba uendelee mwezi kwa mwezi badala ya mwaka mzima. Uliza pia bei ya kipindi kipya itakuwa ngapi. Wakikubali, badiliko liandikwe kwenye mkataba wenyewe na nyote wawili muweke sahihi fupi kando yake. Ahadi ya mdomo ya muuzaji haitoshi.

Kama dirisha limepita, usinyamaze. Hakikisha kwanza ni kweli limepita kwa hesabu ya tarehe zote mbili. Angalia kama saplaya amepandisha bei, kwa sababu mikataba mingine inakuruhusu kutoka hilo likitokea. Muulize gharama ya kutoka mapema, au kama mwenye biashara mwingine anaweza kuuchukua mkataba huo. Na kabla ya kufunga kalenda, hesabu dirisha la mwaka ujao uliweke humo, ili miezi 12 hii isizae mingine.