Hadithi ya Kijiti Kisichosimama

Hadithi nyingi tunazowasomea watoto kuhusu timu iliyoshinda kwa kumsaidia mwenzao asiye na mbio huvunjika mahali pamoja. Msikilizaji wa miaka tisa hujiuliza: sasa walishindaje? Mtoto wa umri huo ameshakimbia sana uwanjani. Anajua kwamba ukipunguza mwendo ili kumshika mwenzako mkono, wengine watakupita. Mwandishi asipokuwa na jibu, humwangusha mpinzani kwenye shimo au humpa yule mwenzao mbio za ghafla zisizojulikana zimetoka wapi. Darasa linapiga makofi, somo la ushirikiano linaanza, lakini mtoto hana hata kitendo kimoja cha kwenda kujaribu.

Dawa yake ni kuchagua mchezo ambao kanuni zake zenyewe zinaupa msaada thamani. Mbio za kupokezana vijiti zinafaa sana, na watoto wetu wanazifahamu kwa sababu zimo katika riadha za shule za msingi. Saa katika mbio hizi huhesabu safari ya kijiti kutoka mwanzo hadi mwisho. Haijali ni nani alikibeba kwa kasi na nani alikibeba polepole. Hadithi ifuatayo nimeiandika kwa ajili ya kufungulia somo, na nimeiweka Bweni, kijiji cha kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Wanawake wa Bweni wanasifika kwa kusuka mikeka, na ufundi huo ndio unaofungua fundo la kisa. Majina ya watoto ni ya kubuni.

*

Darasa la Tatu walipangiwa kukimbia na Darasa la Nne. Watoto wanne, kila mmoja mita hamsini, na kijiti cha mwanzi.

"Tumeshindwa tayari," alisema Zuhura. "Wale wakubwa. Na sisi tuna Mwanaidi."

Mwanaidi alisikia. Ni kweli, hakuwa na mbio. Walipofanya mazoezi, alisimama akimtazama Hamisi anakuja, akanyoosha mkono, akapokea kijiti, akageuka, ndipo akaanza kukimbia. Hamisi naye alipunguza mwendo asije akamgonga.

Jioni Mwanaidi alimkuta bibi yake barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenuna?"

Mwanaidi hakujibu. Alitazama vidole vya bibi. Ukindu mmoja ulikuwa unakaribia kwisha. Kabla haujaisha, bibi alichomeka mwingine juu yake, akaendelea kusuka. Mkono haukusimama hata kidogo.

"Bibi, kwa nini hungoji wa kwanza uishe?"

"Ukiisha, ukili unafumuka. Mpya huingia wa zamani ungali unasukwa."

Kesho yake Mwanaidi aliwaambia wenzake, "Kijiti chetu kinasimama. Nikianza kukimbia kabla Hamisi hajanifikia, hakitasimama."

Wakaweka kumbi la nazi kando ya njia, hatua tatu nyuma ya Mwanaidi. Hamisi alipolifikia kumbi, Mwanaidi akatoka. Pu! Hamisi akamgonga mgongoni. Wakalisogeza kumbi hadi hatua kumi. Hamisi akalifikia, Mwanaidi akatoka mbio bila kutazama nyuma, mkono wake ukiwa umenyooka nyuma. "Shika!" Kijiti kikaingia kiganjani.

Ikawa zamu ya Mwanaidi kumpa Zuhura. Zuhura naye akaweka kumbi lake hatua kumi. Mwanaidi alipolifikia tu, Zuhura akachomoka kama mshale. Mwanaidi akamfukuza, akamfukuza, hakumpata.

"Umenikimbia," alisema Mwanaidi akihema.

Zuhura alilitazama kumbi. Akaliokota, akalisogeza karibu yake, hatua sita. "Nitakungoja mpaka hapa," alisema. Kungoja kulimwia vigumu. Miguu yake ilitaka kutoka. Mara mbili alitoka mapema, mara ya tatu akangoja. "Shika!" Kijiti kikafika.

Siku ya mashindano, Darasa la Nne waliongoza. Lakini kila walipopokezana, mmoja alisimama na mwingine alipunguza mwendo. Salama, aliyeanza, akampa Hamisi, kijiti hakikusimama. Hamisi akampa Mwanaidi, kijiti hakikusimama. Mvulana wa Darasa la Nne akampita Mwanaidi katikati ya njia. Mwanaidi hakumtazama. Alitazama kumbi la Zuhura.

Zuhura alingoja. Mwanaidi akalifikia kumbi. "Shika!"

Pembeni yao, yule mvulana alikuwa amesimama anatafuta mkono wa mwenzake.

Zuhura alifika wa kwanza. Kijiti kilikuwa bado mkononi mwake alipomrudia Mwanaidi mbio kumuuliza, "Umeona? Nimengoja!"

*

Angalieni kwamba Mwanaidi anapitwa siku ya mashindano. Nilimwacha apitwe makusudi. Mtoto asiye na mbio anayesikiliza darasani anajua hali yake, na hadithi inayomgeuza Mwanaidi kuwa mkimbiaji hodari kwa siku chache inamwambia kimyakimya kwamba jinsi alivyo haitoshi. Mwanaidi anabaki na mwendo wake. Kilichobadilika ni kijiti.

Je, hesabu inakubali? Tuchukue mfano mwepesi. Darasa la Nne wanakimbia mita 50 kwa sekunde 10 kila mmoja. Kwa watu wanne hizo ni sekunde 40. Kila wanapopokezana kijiti kinasimama na kupoteza sekunde 2, na kwa kuwa wanapokezana mara tatu, wanamaliza kwa sekunde 46. Darasa la Tatu wana watatu wa sekunde 10 na Mwanaidi wa sekunde 12, jumla 42. Nao wakipoteza sekunde 2 kila mara, wanapata 48 na kushindwa kwa sekunde 2, ambazo ni zilezile za Mwanaidi, na kila mtu atamnyooshea kidole. Lakini wakipunguza hasara hadi nusu sekunde kila mara, wanamaliza kwa 43 na nusu. Wameshinda, na Mwanaidi hajaongeza mbio hata chembe.

Upo msaada mwingine ambao watoto huupendekeza haraka: Hamisi na Zuhura wamkimbilie sehemu ya njia yake. Kanuni za mbio za kupokezana zinaruhusu jambo hilo ndani ya eneo maalumu la kubadilishana, ambalo katika mbio za watu wazima za mita 100 mara nne lina urefu wa mita 30. Tatizo ni kwamba faida yake ni ndogo. Mita 10 humchukua Mwanaidi sekunde 2.4 na Hamisi sekunde 2, kwa hiyo kinachookolewa ni sekunde 0.4. Kijiti kilichosimama mara moja tu kinakula zaidi ya hapo. Ndiyo maana hadithi ikakaa kwenye kumbi la nazi.

Umbali wa makumbi haukuwekwa kwa kubahatisha. Mwenye mbio akimpa asiye na mbio, humfikia upesi, kwa hiyo mpokeaji lazima atoke mapema na alama iwe mbali. Asiye na mbio akimpa mwenye mbio, hali inageuka: mpokeaji akitoka mapema hatapatikana tena, kwa hiyo alama husogezwa karibu. Makocha wa riadha hupanga alama kwa njia hiyohiyo, kwa kupima hatua na kurudia. Kwangu mimi kiini cha kisa kiko hapa kuliko kwenye ushindi, kwa sababu mzigo mzito umemwangukia Zuhura, yule mwepesi aliyelalamika mwanzoni. Msaada wake hauhitaji huruma. Unahitaji aizuie miguu yake kwa hatua nne zaidi.

Anayedhani haya ni mambo ya hadithini tu akumbuke Rio de Janeiro mwaka 2016. Katika fainali ya wanaume ya mita 100 mara nne, Japani ilipata medali ya fedha kwa sekunde 37.60, na hakuna hata mmoja kati ya wakimbiaji wake wanne aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Ukigawa muda wao kwa nne unapata sekunde 9.40. Hilo linawezekana kwa sababu watatu kati yao walipokea kijiti wakiwa tayari kwenye mwendo, na Wajapani walijulikana kwa kupokezana kwa ustadi. Marekani ilifika ya tatu, kisha ikaondolewa kwa kosa la kupokezana.

Darasani, soma hadithi kwa sauti bila haraka. Dakika tano zinatosha. Simama pale bibi anapojibu kuhusu ukili, ukaulize: Mwanaidi ameona nini? Usiwape jibu. Baadhi watasema amwombe bibi dawa ya mbio, wengine watasema Mwanaidi awekwe wa kwanza ili asipokee kijiti. Hilo la pili ni wazo zuri, tena makocha hulifikiria. Lipokee na uliandike ubaoni. Kisha malizia kusoma na uulize swali moja: kwa nini walishinda? Wakijibu kwamba walipendana, hadithi bado haijawaingia, basi rudia kipande cha makumbi. Wakisema kijiti hakikusimama, au Zuhura alingoja, wako tayari kutoka nje.

Uwanjani wagawe wanne wanne, kwa kuchanganya. Usimtafute Mwanaidi wa darasa lako na usimtaje mtu. Kwa sababu hiyohiyo badili jina la hadithini kama yupo mwanafunzi anayeitwa hivyo. Mita 30 kwa kila mtoto zinatosha. Pima kwanza kila mmoja peke yake kwa saa ya simu, ujumlishe muda wa wanne, uwaandikie namba hiyo mchangani. Halafu wapokezane. Kila kundi linashindana na jumla yake lenyewe, hivyo kundi lenye watoto wasio na mbio linaweza kulishinda kundi la wenye mbio kwa kupunguza zaidi.

Mara ya kwanza karibu makundi yote yatazidi jumla yao. Wakati huo acha kutazama miguu, tazama kijiti. Kikisimama, alama iko karibu mno au mpokeaji anageuka nyuma. Kikibaki kimenyooshwa hewani huku mpokeaji anatokomea, alama iko mbali mno. Kikianguka, mara nyingi mpokeaji ametikisa mkono akikitafuta. Mwambie aunyooshe na autulize, kazi ya kulenga ni ya anayetoa. Wape nafasi ya kusogeza makumbi wenyewe, na umpe kila mmoja zamu ya kupokea kutoka kwa mtu anayemzidi mbio na kutoka kwa mtu ambaye yeye humzidi. Kwenye mchanga mlaini mwendo hupungua na kuondoka huchelewa, kwa hiyo hatua walizopima kwenye ardhi ngumu hazitafaa hapo, watapima upya.