Kijiko cha Fedha Kigeuze Mgongo

Anayekuuzia kijiko cha zamani hukuonyesha uso wake, kwenye nakshi na mng'aro. Wewe kigeuze, kwa maana ushahidi mwingi uko mgongoni.

Kijiko kikilazwa mezani, mgongo wake hugusa meza sehemu chache tu, na kubwa kuliko zote ni pale chini ya tumbo panapotokeza zaidi. Hapo ndipo panaposuguliwa kila siku, mezani, kwenye karai la kuoshea na ndani ya droo. Kwenye uma, ncha za meno ndizo huumia kwanza. Sasa, ikiwa kijiko ni cha fedha tupu ya kiwango cha Uingereza, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000 na zilizobaki kwa kawaida ni shaba ya kukitia ugumu, msuguo hukila bila kukibadili rangi. Vijiko vya namna hiyo vilivyotumika miaka mingi huwa vimelika upande mmoja wa ncha, kwa sababu mlaji hukwangua sahani kwa upande uleule siku zote. Vimepinda umbo, lakini palipolika ni peupe kama kwingine.

Kijiko cha kupakwa hakiwezi kuzeeka hivyo. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kupaka fedha kwa umeme, na baada ya muda madini yaliyozoeleka kuwekwa chini ya upako huo yakawa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mchanganyiko huo una weupe wa kudanganya macho, ingawa hauna fedha hata chembe. Upako wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo ukisuguliwa miaka mingi huisha, na mgongoni hutokea doa la kijivu lenye umanjano. Kingo zake hazikatiki ghafla bali hufifia polepole kuelekea kwenye fedha iliyobaki. Ukikuta wekundu wa shaba, huenda umeshika kazi ya zamani zaidi ya Sheffield, ambapo bamba la fedha liliunganishwa na bamba la shaba kwa moto. Hata hivyo kazi hiyo ilikuwa zaidi ya mabirika na vinara vya mishumaa kuliko vijiko.

Wengi huchanganya doa hilo na weusi wa kawaida wa fedha. Sugua kidogo kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia fedha. Weusi utahamia kwenye kitambaa na pale mahali patang'aa. Madini ya chini yakiwa yametoka nje, rangi yake itabaki ileile hata usugue vipi, na ukizidisha utakuwa unapanua doa. Sumaku haisaidii sana hapa: haivuti fedha, na mchanganyiko ule wa nikeli nao hauivutii. Itakachokufichulia ni chuma tu.

Chukua mfano wa kijiko kikubwa chenye nakshi ambayo Waingereza huiita King's: mpini wenye kiuno, mikunjo pembeni na umbo la kombe karibu na ncha. Nyuma kuna vingao vinne vidogo vilivyopangwa mstari. Kwa haraka unasema hii ni mihuri ya fedha. Lakini ukitazama kwa lenzi, ndani ya kila kingao kuna herufi yenye madoido: E, P, N, S, yaani upako wa umeme juu ya nikeli. Fedha halisi ya Uingereza ingekuwa na simba anayetembea, alama ya mji (nanga ikiwa ni Birmingham), herufi ya mwaka na herufi za mtengenezaji. Geuza tena uangalie chini ya tumbo: doa la umanjano liko palepale panapogusa meza. Chapa na msuguo vimesema neno moja.

Na nakshi je? Haikutoa jibu, kwa sababu King's ilitengenezwa na viwanda vingi, kwa fedha tupu na kwa upako vilevile. Kwa vijiko vya Marekani nakshi hufaa zaidi, maana huko kiwanda kilikuwa na nakshi zake chenyewe. Chantilly ni ya Gorham, ilianza 1895, na inajulikana kama nakshi ya fedha tupu. First Love ni ya chapa iitwayo 1847 Rogers Bros., na hiyo ni ya kupakwa. Tarakimu 1847 zimewafanya wengi waamini wana kijiko cha mwaka huo, kumbe ni sehemu ya jina la biashara. First Love yenyewe ilitoka 1937. Ndiyo maana nakshi naiweka mwisho: inakupeleka kwa mtengenezaji, kisha chapa na mgongo ndivyo vinavyoamua.

Lipo tatizo moja ambalo macho hayalimalizi. Kijiko kilichopakwa upya hakina doa, na chapa yake inaweza kuwa imefutika. Cha namna hiyo mpelekee sonara akipime kabla hujalipa bei ya fedha, kwa sababu fedha tupu hununuliwa kwa uzito, na kijiko cha kupakwa hakuna atakayekipimia kwenye mizani.